Kichocho huingilia kwenye ngozi: mazungumzo na familia zinazokwenda ziwani

Ndugu Mwenyekiti wa umoja wetu, wazee wangu shikamooni, akina mama, akina baba na vijana, habari za mchana.

Sisi tuliokusanyika leo hapa Tabata tumetoka Ukerewe, Sengerema, Musoma na Bukoba, na shule zikifungwa mwezi ujao wengi wetu tutakuwa pale stendi ya Magufuli na mabegi yetu, tukirudi nyumbani na watoto waliozaliwa hapa Dar es Salaam. Watoto hawa wamezoea kuogelea baharini, na baharini hakuna kichocho, kwa kuwa konokono wanaokieneza hawaishi katika maji ya chumvi. Kwa hiyo watakapofika ziwani wataingia majini bila wasiwasi wowote, na shangazi zao watawakabidhi ndoo na nguo za kufua siku hiyo hiyo.

Mimi ni muuguzi mstaafu, lakini kabla ya uuguzi nilikuwa mtoto wa Ukerewe niliyefua juu ya mawe, maji yakinifika magotini, tangu saa tatu asubuhi hadi nguo zikauke. Nyumbani tulikuwa watu waangalifu. Mama alichemsha maji ya kunywa kila siku, akayachuja kwa kitambaa cheupe na kuyafunika. Hata hivyo tuliumwa kichocho, kwa sababu ugonjwa ulikuwa umeshatuingia miguuni wakati tukiyachota hayo maji yaliyokuja kuchemshwa. Naomba jambo hili mlishike kabla ya mengine yote: kichocho hupenya kwenye ngozi, hata isiyo na kidonda, kwa muda wa dakika chache tu.

Hutokea hivi. Mtu mwenye kichocho akijisaidia majini au kando ya maji, mayai ya minyoo hutoka pamoja na choo au mkojo wake, huanguliwa, na vijidudu vinavyotoka humo humtafuta konokono mdogo anayekaa kwenye magugu na matete ya ufukweni. Ndani ya konokono huyo huzaliana kwa wiki kadhaa, kisha hutoka kwa maelfu, wadogo mno kuonekana kwa macho, wakimtafuta mtu. Wakishapenya ngozi huingia katika damu, hukua wakawa minyoo, dume na jike wakiishi pamoja kwa miaka kadhaa, na jike hutaga mayai kila siku. Sehemu ya mayai hutoka nje, lakini mengi hunasa mwilini, na hayo yaliyonasa ndiyo yanayotuumiza.

Katika Ziwa Victoria tunapata hasa kichocho cha tumbo, ambacho huanza kwa maumivu ya tumbo na kuharisha, wakati mwingine kwa damu, na kikiachwa kwa miaka huharibu ini, bandama huvimba, tumbo hujaa maji, na wapo wanaofikia kutapika damu. Huku Pwani, na pia kwenye malambo na majaruba ya mpunga ya Usukumani, kipo zaidi kichocho cha mkojo. Wavulana wengi wamekojoa damu wakaambiwa na wenzao kwamba ndio wanabalehe. Mwanamke naye anaweza kupata vidonda ndani ya uke kutokana na mayai hayo, akatokwa na damu au kusikia maumivu katika tendo la ndoa, akatibiwa magonjwa ya zinaa mara tatu bila kupona huku mumewe akimshuku. Mama wa namna hiyo amwambie mhudumu waziwazi kwamba amekulia ziwani, maana hapa mjini si kila mhudumu atafikiria kuuliza.

Sasa tufanye nini, maana sitawaambia mwache kuchota maji mahali ambapo bomba halijafika? Kwanza, tupunguze muda wa kukaa majini. Kuchota ni kazi ya dakika chache; kinachotumaliza ni kufua. Nguo zifuliwe nchi kavu, juu ya jiwe au karo iliyo mbali na ufukwe, kwa maji yaliyobebwa. Najua ni ndoo nyingi na mgongo unauma, na kwa sababu hiyo nawaomba akina baba na vijana wenye baiskeli na mikokoteni wabebe madumu, kwa kuwa haiwezekani familia nzima ivae nguo safi kwa gharama ya afya ya mama na binti peke yao.

Pili, tuchague saa na mahali. Vijidudu hutoka kwa wingi jua linapokuwa kali, tangu saa nne asubuhi hadi alasiri. Alfajiri huwa wachache, ingawa hawakosekani kabisa. Tuchote mahali pasipo na magugu, tukiwa tumesimama juu ya jiwe au gati, ndoo ikiwa na kamba. Mwenye mabuti ya mpira ayavae, lakini yakijaa maji hayana kazi tena.

Tatu, maji ya kuoga. Hapa nataka mtazame picha moja ambayo sote tumeiona: mama ameketi ufukweni, mbele yake beseni, ametia maji aliyoyachota sasa hivi, na ndani yake amemkalisha mtoto wa miezi minane anayepigapiga maji kwa viganja. Mama anaamini amemkinga kwa kuwa hakumwingiza ziwani, lakini maji ni yale yale na vijidudu ni hao hao. Maji ya kuoga yachemshwe kisha yapozwe, au yahifadhiwe kwenye chombo kilichofunikwa, kisicho na konokono, kwa siku mbili kamili; muda huo ukipita vijidudu huwa wamekufa. Kujifuta haraka kwa taulo baada ya kulowa si kinga ya kutegemea.

Nne, choo. Tukifika kwa wazee tuulize choo kiko wapi na kina hali gani, na kama kimebomoka, fedha tunazochangia sherehe za Krismasi zianzie hapo. Mtoto asiambiwe kamwe akajisaidie kwenye matete.

Dawa ipo, inaitwa prazikwanteli, na hutolewa kwa kipimo cha uzito. Shuleni watoto hupimwa kwa kijiti cha urefu badala ya mizani. Imezwe baada ya kula, kwani kwenye tumbo tupu huleta kizunguzungu na kichefuchefu zaidi. Lakini dawa hii huua minyoo iliyokomaa, haiui ile michanga, wala haizuii kuambukizwa upya. Mzazi anayempa mtoto vidonge siku ya kushuka basi anajidanganya. Hesabuni wiki sita hadi nane tangu siku ya mwisho kugusa maji ya ziwa, ndipo mwende mkapime. Ukirudi mapema Januari, mwisho wa Februari au mwanzo wa Machi unatosha. Homa, kikohozi au vipele vikija kabla ya hapo, msisubiri. Kwa kichocho cha tumbo hupimwa choo, na kwa cha mkojo sampuli nzuri ni ile ya kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Mama mjamzito aseme kuwa ni mjamzito ili aelekezwe ipasavyo.

Kwenye meza ya mlangoni kuna daftari. Kila familia inayosafiri iandike tarehe ya kurudi, nami nitawapigia simu wiki ya kupima ikifika. Sasa nipokee maswali. Nadhani mama aliyeketi karibu na dirisha alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono.