Naomba kurekebishiwa gredi ya STA 211 kwa transkripti, imeandikwa 46 badala ya 67

Habari yako Msajili,

Mimi ni mwanafunzi wa Bikomu, namba ya usajili B07/1482/2021, nimemaliza mwaka wa nne na jina langu liko kwa ile orodha ya muda ya mahafali. Naandika kuhusu yuniti moja tu, STA 211 Takwimu za Biashara, niliyoifanya mwaka wa pili muhula wa kwanza, 2022/2023. Transkripti niliyochukua wiki hii inasema 46, gredi D, lakini maksi yangu ya kweli ni 67, gredi B.

Hiyo 46 haijatoka hewani. Ni maksi yangu ya mtihani mkuu, 46 kwa 70, na kati nilipata 21 kwa 30, sasa inaonekana mtu alipokuwa akiingiza maksi kwa sistimu aliweka za mtihani mkuu peke yake na kati ikabaki nje, ndiyo maana tofauti ni 21 kamili, haizidi wala haipungui. Nilikuwa kundi la jioni na kati zetu zilisahihishwa baadaye kidogo kuliko za mchana, kwa hivyo pengine si mimi peke yangu, ingekuwa vizuri mkicheki kundi lote kabla watu hawajaanza kuja mmoja mmoja.

Ushahidi nimeuweka kwa pidiefu moja ili usipate shida kufungua mafaili mengi. Kwanza ni transkripti yenyewe, hiyo yuniti nimeizungushia wino mwekundu. Halafu kuna karatasi yangu ya kati iliyosahihishwa, yenye 21 na sahihi ya mwalimu, ile orijino ninayo nyumbani na nitaileta mkiitaka. Kuna skrinshoti ya portali ya Februari 2023, matokeo ya muda yalipotoka, na pale ilikuwa 67 B, tarehe inaonekana juu. Lakini kile kizito zaidi ni nakala ya karatasi ya maksi ya idara, mwalimu wa somo ameitoa kwa faili yake akaambatanisha barua fupi, na mwenyekiti wa idara amepiga muhuri. Majina ya wenzangu yamefunikwa, imebaki laini yangu tu. Mwisho ni kopi ya kitambulisho.

Kuna jambo naomba lieleweke mapema kwa sababu pale kaunta niliambiwa muda wa rufaa ulishapita. Siombi kusahihishiwa mtihani upya. Hiyo najua ina muda wake na ada yake, na sina shida na 46 niliyopewa kwa mtihani mkuu, ni haki yangu kabisa hiyo. Ninachoomba ni hesabu ijumlishwe na rekodi ifanane na karatasi ya idara, na kosa la kuingiza namba sidhani linageuka kuwa kweli eti kwa sababu limekaa miaka. Hata Katiba, Ibara ya 35(2), inampa mtu haki ya kurekebishiwa habari zisizo za kweli zinazomdhuru. Sisemi hivyo kuleta vita, nasema tu ndio mtu wa kaunta asinirudishe tena kwa kalenda ya rufaa.

Na inanidhuru kweli. Nimefanya yuniti 48, jumla ya maksi zangu sasa ni 2866, wastani 59.7, hiyo ni sekondi lowa. Ukiongeza hizo 21 inakuwa 2887, wastani 60.1, sekondi apa. Masta ninayotaka kuomba inataka sekondi apa, na huku nje hata kazi nyingi hapa Nairobi wanakukata kwa fomu kabla hawajakuona.

Kwa hivyo naomba, kama unaweza, STA 211 irekebishwe kwa sistimu, wastani upigwe upya, na nipewe transkripti mpya ile ya zamani ifutwe. Na kama itabidi ipitie kwa bodi ya mitihani ya kitivo kwanza, basi tafadhali daraja langu lisipelekwe seneti na orodha ya mahafali kabla hiyo bodi haijakaa, maana cheti kikishachapishwa itakuwa kazi mara mbili kwenu na kwangu.

Naomba pia unijibu kwa imeli hii hii, hata laini moja tu ya kusema imefika na nani anaishughulikia, ndio nikija nijue naulizia kwa ofisi gani. Mwalimu wa somo amesema mkitaka kuhakikisha mpigieni kupitia idara, yuko siku za kazi asubuhi. Simu yangu ni ile iko kwa portali, sijabadilisha. Mimi niko Kayole, mkiniita asubuhi nikiwa na orijino, mchana nitakuwa nimefika, jam ikikubali.

Asante sana kwa muda wako,

Nyambura
B07/1482/2021