Msingi wa Usanifu: Stimu, Hewa na Maji ya Jengo la Maabara, Malindi

Wadau, hii ndio msingi wa usanifu wa jengo la maabara la ghorofa mbili, kemia chini na baiolojia juu. Isomeni kabla msanifu majengo hajafunga michoro, kwa sababu hewa ndio itaamua dari na paa zikaeje.

Hewa. Kemia ina fyum chemba 6, yaani makabati ya kuvuta mvuke wa kemikali, kila moja mdomo wa mita 1.5 kwa 0.5, na pale mdomoni hewa iingie kwa mita 0.5 kwa sekunde. Piga hesabu, zote zikifunguliwa zinavuta mita za ujazo 2.25 kila sekunde, na hewa hiyo hairudishwi ndani hata kidogo, inatupwa yote nje. Kwa hiyo lazima tuingize mpya, na nje tunakisia nyuzi 32 na unyevu asilimia 70, kuishusha mpaka 14 kunakula kilowati 120 hivi za ubaridi. Ndio mzigo mkubwa kuliko yote humu! Ndio maana nataka feni za kubadilisha spidi, mwanafunzi akishusha kioo cha chemba feni nayo ipunguze. Chumba kivute zaidi ya kinavyoingiza, mvuke usitoroke kwenda koridoni.

Kusi na kaskazi zote zinatujia upande wa bahari, basi hewa mpya tuichukue mashariki na bomba za kutoa mvuke wa fyum chemba zisimame magharibi, mita 3 juu ya paa. Najua mashariki kuna chumvi. Juzi nilishika mapezi ya eisi moja jengo la jirani yakabomoka mkononi kama biskuti, kwa hiyo koili zipakwe epoksi, boliti ziwe stenlesi 316, na filta za chumvi zitangulie mbele. Hapo tusibanie pesa.

Stimu ni volti 415, fezi tatu, transfoma ya kVA 200 kwa makadirio ya kVA 150. Jenereta ya kVA 60 ibebe feni za fyum chemba, friza za nyuzi hasi 80 na taa za dharura, eisi za maofisi zisubiri. Mashine za vipimo ziwe na yupiesi ya dakika 10. Soketi zote ziwe na kinga ya kukata stimu ikivuja miliampia 30. Na feni za fyum chemba zikizima, valvu ya gesi ijifunge yenyewe.

Maji: shawa ya dharura inataka lita 76 kwa dakika kwa dakika 15, yaani lita 1,140, na mfereji wa mji hukatika, kwa hiyo tangi lake liwe peke yake, lisiguswe na vyoo. Maji ya asidi yapite bomba za polipropilini mpaka tangi la kuyaondolea ukali wa asidi, ndio yaende majitaka.

Idadi ya friza bado nangojea kwa watu wa baiolojia, nipeni kabla ya Ijumaa, hiyo kVA 60 inategemea hapo.