Kwa Wateja Wetu: Kwa Nini Tunapima Ngozi Kila Mara Kabla ya Kupaka Rangi

Wapendwa wateja,

Kuanzia Jumatatu ijayo hatutampaka mtu rangi kabla hajapimwa ngozi, na kipimo kiwe kimefanyika angalau saa 48 kabla ya miadi. Utaratibu huu unamhusu mgeni na mwenyeji, anayepaka kichwa kizima na anayerudishia mizizi tu, pamoja na wanaotia rangi nyusi au ndevu. Tunajua baadhi yenu mtaudhika, hasa nyinyi mliozoea kuingia, kukaa na kupakwa rangi ileile miaka nenda miaka rudi. Ndiyo maana tumeamua kueleza sababu badala ya kubandika amri ukutani.

Mteja wetu mmoja ameturuhusu tusimulie yaliyomkuta bila kumtaja. Kwa miaka sita alikuwa akija kila baada ya wiki sita kurudishia mizizi, rangi nyeusi, namba ileile. Hakuwahi hata kujikuna. Mwaka jana alikuja siku ya Ijumaa, tukampaka kama kawaida, akaondoka akijitazama kwenye simu. Jumamosi usiku kichwa kikaanza kumuwasha. Jumapili asubuhi akatutumia picha: kope zimevimba, jicho la kushoto limefumba kabisa, na nyuma ya masikio ngozi inatoa majimaji. Alitibiwa akapona, lakini rangi ya aina ile ameambiwa asiiguse tena. Swali lake la kwanza kwetu lilikuwa, "Kwani mlibadilisha rangi?" Hatukubadilisha. Kilichobadilika ni mwili wake.

Ukitazama bakuli tunapochanganya rangi utaona krimu inaanza ikiwa nyeupe au ya maziwa, kisha taratibu inageuka zambarau, halafu kahawia, halafu nyeusi. Rangi inazaliwa palepale, kemikali za kwenye tyubu zinapokutana na haidrojeni peroksaidi. Kemikali maarufu kati ya hizo ni parafenilenediamini, ambayo kwenye pakiti mara nyingi huandikwa kwa kifupi PPD. Chembe zake ni ndogo sana. Ndiyo maana zinaweza kupenya ndani ya unywele, kuungana humo na kuwa kubwa kiasi cha kutotoka kwa kuoshwa. Tatizo ni kwamba udogo huohuo unaziwezesha kupenya ngozi ya kichwa pia.

Zikishapenya, kinga ya mwili inaweza kuzichukulia kuwa adui. Mara ya kwanza huoni kitu: mwili unamsoma tu huyo adui na kuweka kumbukumbu. Inaweza kuwa baada ya kupaka mara mbili, inaweza kuwa baada ya mara hamsini. Siku kumbukumbu hiyo ikikamilika, rangi uliyoizoea ndiyo inayokuumiza. Kwa hiyo mtu akituambia "mimi napaka siku zote na sijawahi kupata shida," anatueleza habari za jana. Kipimo cha mwezi uliopita nacho ni habari za jana. Hapo ndipo neno "kila mara" linapotoka.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalihusishi na saluni: piko, ile inayoitwa hina nyeusi. Hina halisi hutoa rangi ya machungwa inayoiva kuelekea kahawia, na inahitaji saa kadhaa ili ishike. Inayotoa weusi mkali baada ya muda mfupi mara nyingi imetiwa PPD, na inapakwa moja kwa moja kwenye ngozi. Umoja wa Ulaya unaruhusu PPD isiyozidi asilimia 2 katika rangi ya nywele inapofika kichwani, na hauruhusu kabisa ipakwe kwenye ngozi kama urembo. Ikiwa uliwahi kupaka piko, hata utotoni, hata kama ni ua moja dogo mkononi, tuambie. Ikiwa lilikuwasha au kuacha malengelenge, usije kupima kwetu. Nenda kwa daktari wa ngozi kwanza.

Kipimo chenyewe hakichukui hata dakika kumi, na hatukitozi malipo. Tunasafisha sehemu ndogo nyuma ya sikio au upande wa ndani wa kiwiko, tunachovya kijiti cha pamba kwenye rangi ileile utakayopakwa, tunapaka kidogo tu, kisha tunafuata maelekezo ya mtengenezaji kuhusu kuiacha au kuiosha. Wengine wanataka ioshwe baada ya dakika chache, wengine iachwe siku mbili. Usishangae utaratibu ukibadilika kwa sababu umebadilisha rangi. Tunaandika kwenye daftari tarehe, saa, aina na namba ya rangi. Ukibadilisha mawazo siku ya miadi ukataka namba nyingine au kampuni nyingine, tunaanza upya. Samahani, lakini ndivyo ilivyo.

Kwa nini saa 48 na si nusu saa? Kwa sababu aleji hii haina haraka. Kuchonyota papo hapo mara nyingi ni ngozi kukerwa na ukali wa dawa. Aleji yenyewe hujitokeza baada ya siku moja, mbili, hata tatu. Katika muda huo angalia kama panawasha, pamevimba, pamekuwa na vipele au ngozi imekakamaa. Usisubiri wekundu peke yake: kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi, pengine utaona pamezidi kuwa peusi au pana joto. Pitisha kidole, utahisi kabla ya kuona. Ukiona lolote kati ya hayo, osha kwa maji mengi, utupigie, na miadi ya rangi tunaifuta. Ukivimba uso au midomo, au ukapumua kwa shida, usitupigie sisi. Kimbilia hospitali.

Tuseme pia ukweli ambao saluni nyingi haziusemi: kipimo hiki si dhamana. Mtu anaweza kupita salama na bado akadhurika, na hakichukui nafasi ya kipimo cha daktari wa ngozi. Kinapunguza hatari, basi. Kinaweza pia kudanganywa na dawa, kwa hiyo tuambie kama unameza au unapaka dawa za steroidi, na usipake krimu yoyote mahali tulipopima.

Rangi "isiyo na amonia" haikuondolei kipimo, kwani amonia na PPD ni vitu viwili tofauti. Hata ile isiyo na PPD inaweza kuwa na kemikali ya ukoo huohuo, na mwenye aleji ya moja mara nyingi hudhurika na nyingine. Rangi uliyokuja nayo kutoka nyumbani nayo inapimwa. Na tafadhali usituombe karatasi ya kusaini kwamba umekubali madhara. Saini yako haizuii jicho kuvimba.

Mwenye miadi ya Jumamosi apite kabla ya Alhamisi saa hiyohiyo ya miadi yake. Wa Jumanne apite Jumamosi, maana Jumapili tumefunga. Huna haja ya kupanga muda, ingia tu, mwambie dada wa mapokezi "nimekuja kupima," na vaa nguo ya mikono inayopandishika. Ukichelewa, hatutafuta miadi yako: tutakuosha, tutakukata au kukusuka, na rangi tutaipangia siku nyingine.

Uongozi na wasusi wa saluni