Karatasi ya Mazoezi: Kazi, Uwezo na Ufanisi wa Mfumo wa Kapi

Muda: dakika 80. Alama: 40. Kikokotozi kinaruhusiwa. Chukua g = 10 N/kg kwenye maswali yote.

Sharti la karatasi hii

Kila mstari wa hesabu uwe na kizio. Usisubiri jibu la mwisho ndipo uchomeke J au W kama chumvi iliyosahaulika. Kizio kiandikwe kuanzia pale unapoweka tarakimu ya kwanza. Mstari usio na kizio haupati alama hata kama tarakimu ni sahihi. Panapokuwa na uwiano na vizio vikafutana, andika "hakuna kizio", ili nijue umefikiri na hukusahau.

Jambo jingine dogo: vitabu vingi hutumia herufi W kwa kazi, na W hiyohiyo ndiyo wati. Humu tutaandika maneno kamili, na W itabaki kuwa wati tu.

Kumbukumbu

uzito (N) = tungamo (kg) × g (N/kg)
kazi (J) = kani (N) × umbali kuelekea upande wa kani (m)
uwezo (W) = kazi (J) ÷ muda (s)
manufaa ya kimekanika (hakuna kizio) = mzigo (N) ÷ juhudi (N)
uwiano wa mwendo (hakuna kizio) = umbali wa juhudi (m) ÷ umbali wa mzigo (m)
ufanisi (%) = kazi inayotoka (J) ÷ kazi inayoingia (J) × 100%

Mtaani "nguvu" hubeba maana ya kani, ya uwezo na hata ya nishati. Hapa kani ni ya nyutoni, uwezo ni wa wati. Ukiona mkono unaandika "nguvu", simama ujiulize: nyutoni au wati?

Mfano uliofanywa

Mfumo una magurudumu 4 (wengine huyaita roda): 2 yako kwenye kapi la juu lililofungwa kwenye boriti, 2 kwenye kapi la chini linalopanda na mzigo. Vipande 4 vya kamba vinabeba kapi la chini. Mzigo wa kg 60 unainuliwa m 1.5 kwa juhudi ya N 200, kwa sekunde 12. Kapi la chini lina kg 6.

Mzigo ukipanda m 1.5, kila kimoja cha vile vipande 4 lazima kifupike m 1.5, na kamba yote hiyo inatokea mkononi mwa anayevuta:

kamba iliyovutwa = 4 × 1.5 m = 6 m
uzito wa mzigo = 60 kg × 10 N/kg = 600 N
kazi inayotoka = 600 N × 1.5 m = 900 J
kazi inayoingia = 200 N × 6 m = 1,200 J
ufanisi = 900 J ÷ 1,200 J × 100% = 75%
uwezo wa mvutaji = 1,200 J ÷ 12 s = 100 W
uwezo unaoufikia mzigo = 900 J ÷ 12 s = 75 W

J 300 zimeenda wapi? Kapi la chini nalo limepanda, ingawa hakuna aliyelitaka juu:

kazi ya kuinua kapi la chini = 60 N × 1.5 m = 90 J
kazi iliyoliwa na msuguano = 300 J − 90 J = 210 J

Hizo J 210 zimegeuka joto kwenye ekseli za magurudumu na ndani ya kamba yenyewe inapojikunja. Ndiyo maana ekseli hutiwa grisi.

Sasa tazama mistari miwili niliyoikuta daftarini, kwenye swali hilihili:

600 × 150 = 90,000 J
600 ÷ 12 = 50 W

Ukivirudisha vizio, makosa yanajitaja. Wa kwanza ni 600 N × 150 cm, yaani N·cm, na juli ni N·m. Wa pili ni 600 N ÷ 12 s, yaani N/s, na wati ni J/s. Mwandishi wake alijua fomula zote. Alichokosa ni vizio vya kumwonya.

Maswali

1. Kapi moja lisilosogea linatumika kuinua ndoo ya kg 12 kwa kimo cha m 5. Juhudi ni N 150.
(a) Tafuta kazi inayotoka, kazi inayoingia na ufanisi. (alama 4)
(b) Juhudi imezidi uzito wa ndoo. Kwa nini watu bado hulitumia kapi hili? (alama 1)

2. Badili: 0.45 kW kuwa W, dakika 3 kuwa s, 85 cm kuwa m, 2.4 kJ kuwa J. (alama 4)

3. Kapi moja linalosogea, lenye kg 4, linabeba mzigo wa kg 36. Upande mmoja wa kamba umefungwa kwenye boriti, upande wa pili unavutwa kwenda juu kwa juhudi ya N 240. Mzigo unapanda m 2 kwa sekunde 8.
(a) Kamba inavutwa mita ngapi? (alama 1)
(b) Tafuta ufanisi. (alama 3)
(c) Tafuta uwezo wa mvutaji. (alama 1)
(d) Gawa kazi iliyopotea: kiasi gani ni cha kuinua kapi, na kiasi gani ni cha msuguano? (alama 3)

4. Hili ndilo swali la kukaa nalo. Mfumo wa kwenye mfano ulipimwa kwa mizigo tofauti:

mzigo 100 N: juhudi 50 N
mzigo 200 N: juhudi 80 N
mzigo 400 N: juhudi 140 N
mzigo 800 N: juhudi 260 N

(a) Tafuta ufanisi kwa kila mzigo. (alama 4)
(b) Chora grafu ya juhudi (N) dhidi ya mzigo (N). Soma juhudi pale mzigo unapokuwa 0 N, kisha eleza kani hiyo inafanya nini. (alama 3)
(c) Kutoka kwenye grafu, tabiri juhudi ya mzigo wa 600 N, ulinganishe na mfano. (alama 1)
(d) Mtu anasema: "Ongeza mzigo vya kutosha, ufanisi utafika 100%." Onyesha kwa hesabu kwamba amekosea. (alama 2)

5. Mota inayoingiza 1.5 kW kwenye kamba inaendesha mfumo wenye uwiano wa mwendo 5 na ufanisi wa 60%. (Kwenye bango la mota unaweza kukuta 2 HP, farasi 1 ni kama 746 W, kwa hiyo ni karibu sawa.) Mzigo ni kg 180 na unapanda m 6 kwa mwendo usiobadilika.
(a) Tafuta uwezo unaoufikia mzigo. (alama 1)
(b) Safari ya kupanda inachukua sekunde ngapi? (alama 3)
(c) Tafuta mwendo wa mzigo na mwendo wa kamba. (alama 2)
(d) Tafuta juhudi ya mota kwenye kamba, kisha uihakiki kwa njia ya pili. (alama 3)

6. Mwanafunzi ana mfumo wa uwiano wa mwendo 5, mzigo 520 N, juhudi 130 N, na mzigo umepanda m 2. Ameandika:

kazi inayotoka = 520 N × 2 m = 1,040 J
kazi inayoingia = 130 N × 2 m = 260 J
ufanisi = 1,040 J ÷ 260 J × 100% = 400%

Vizio vyote viko sawa, na bado jibu haliwezekani. Taja kosa na ulisahihishe. (alama 4)

Majibu (funua baada ya kumaliza)

1. (a) uzito = 12 kg × 10 N/kg = 120 N
kazi inayotoka = 120 N × 5 m = 600 J
kazi inayoingia = 150 N × 5 m = 750 J
ufanisi = 600 J ÷ 750 J × 100% = 80%
(b) Linageuza upande wa kani. Kuvuta kwenda chini kunamruhusu mtu wa kg 60 auegemeze uzito wake wa 600 N kwenye kamba.

2. 450 W, 180 s, 0.85 m, 2,400 J.

3. (a) kamba = 2 × 2 m = 4 m
(b) kazi inayotoka = 360 N × 2 m = 720 J
kazi inayoingia = 240 N × 4 m = 960 J
ufanisi = 720 J ÷ 960 J × 100% = 75%
(c) uwezo = 960 J ÷ 8 s = 120 W
(d) kazi iliyopotea = 960 J − 720 J = 240 J
kuinua kapi = 40 N × 2 m = 80 J
msuguano = 240 J − 80 J = 160 J

4. (a) Mzigo ukipanda m 1, kamba inavutwa m 4:
100 J ÷ 200 J × 100% = 50%
200 J ÷ 320 J × 100% = 62.5%
400 J ÷ 560 J × 100% = 71.4%
800 J ÷ 1,040 J × 100% = 76.9%
(b) Mstari ni mnyoofu, mteremko wake ni 0.3, na unakata mhimili wa juhudi kwenye 20 N. Kani hiyo inainua kapi la chini na kushinda msuguano wakati hakuna mzigo wowote. Mzigo mdogo unailipa gharama hiyo kwa taabu. Mzigo mkubwa hauioni sana, na ndiyo sababu ufanisi unapanda.
(c) juhudi = 20 N + 0.3 × 600 N = 200 N, sawasawa na mfano.
(d) Mzigo ukiwa mkubwa mno, 20 N haihesabiki tena, na juhudi inakaribia 0.3 ya mzigo. Chukua mzigo wa 100,000 N:
juhudi = 20 N + 30,000 N = 30,020 N
ufanisi = 100,000 J ÷ (30,020 N × 4 m) × 100% = 83.3%
Msuguano unakua pamoja na mzigo, kwa hiyo 83.3% ndiyo dari. Kamba ingekatika zamani, lakini hilo ni swali la siku nyingine.

5. (a) uwezo = 60% × 1,500 W = 900 W
(b) uzito = 180 kg × 10 N/kg = 1,800 N
kazi inayotoka = 1,800 N × 6 m = 10,800 J
muda = 10,800 J ÷ 900 W = 12 s
(Aliyegawa kwa 1,500 W amepata 7.2 s; amesahau kwamba mzigo haupewi wati zote za mota.)
(c) mwendo wa mzigo = 6 m ÷ 12 s = 0.5 m/s
mwendo wa kamba = 5 × 0.5 m/s = 2.5 m/s
(d) juhudi = 1,500 W ÷ 2.5 m/s = 600 N
Kuhakiki: manufaa ya kimekanika = 1,800 N ÷ 600 N = 3 (hakuna kizio)
ufanisi = 3 ÷ 5 × 100% = 60%, kama tulivyopewa.

6. Juhudi haikusogea m 2. Mzigo ndio uliosogea m 2. Kamba ilivutwa mara 5 ya hapo.
umbali wa juhudi = 5 × 2 m = 10 m
kazi inayoingia = 130 N × 10 m = 1,300 J
ufanisi = 1,040 J ÷ 1,300 J × 100% = 80%
Kizio hukwambia kwamba ni mita. Hakikwambii ni mita za nani. Kando ya kila m andika "ya kamba" au "ya mzigo".