Maombi ya Kumwomba Mheshimiwa Jaji Ajitoe katika Shauri

Mheshimiwa Jaji,

Kwa heshima zote, Mdai anaomba ujitoe katika shauri hili la fedha za ujenzi na uelekeze jalada lipangiwe jaji mwingine. Hati yake ya kiapo imeambatishwa. Hatusemi una chuki naye, wala kwamba umepokea chochote. Tunasema mazingira yaliyopo yanatia shaka.

Sababu nzito ni moja. Katika vielelezo tulivyopewa na Mdaiwa Jumatatu, ukurasa wa 47, kuna barua ya ushauri wa kisheria kuhusu kifungu cha 12 cha mkataba huuhuu. Inasema kifungu hicho kinampa Mdaiwa haki ya kuzuia malipo yote. Chini yake kuna jina na saini yako, ulipokuwa wakili wake. Swali hilohilo ndilo linalosubiri uamuzi wako sasa. Mdai aliisoma mara mbili, akaniuliza, "Sasa mimi nitashindaje?" Sikuwa na jibu.

Pia, siku shauri lilipotajwa, kabla ya shahidi yeyote kusikilizwa, ulisema madai haya "hayana miguu". Kauli hiyo peke yake tusingeileta. Ukali wa jaji si upendeleo. Ikisomwa pamoja na barua ile, inabeba uzito mwingine.

Kipimo kiliwekwa katika Porter dhidi ya Magill, 2001: je, mtazamaji mwadilifu anayeyajua mambo yote ataona upo uwezekano wa kweli wa upendeleo? Kanuni za Bangalore za 2002 nazo zinamtaka jaji ajitoe pale alipowahi kuwa wakili katika jambo linalobishaniwa. Katika shauri la Pinochet, uamuzi wa Novemba 1998 ulitenguliwa mwezi uliofuata kwa sababu ya uhusiano wa mmoja wa majaji, Lodi Hoffmann, na taasisi ya Amnesti Intanashonali, na hakuna aliyemtuhumu kwa upendeleo halisi.

Tunazijua hatari za maombi haya. Yakikataliwa, Mdai anaweza kubebeshwa gharama, na atabaki mbele ya jaji aliyemwomba aondoke. Tunajua pia kwamba jaji hapaswi kuacha shauri kwa sababu tu mdaawa hamtaki; watu wangejichagulia majaji. Lakini Mdai angenyamaza, angehesabiwa ameridhia, na kwenye rufaa angeulizwa alikuwa wapi. Ndiyo maana tumekuja siku 4 tu baada ya kuiona barua.

Na shauri likiendelea, kisha mahakama ya rufaa ikaona tulichokiona, hukumu itafutwa na mashahidi 9 wataanza upya. Mmoja wao ana miaka 81, na ndiye pekee aliyekuwapo vipimo vya msingi vilipochukuliwa.

Tunaomba ujitoe. Usipoona hivyo, tunaomba sababu kwa maandishi, na usikilizaji usimame hadi tutakapowasilisha rufaa.

Wako mtiifu,
Wakili wa Mdai