Mama niliyekuwa naye wakati wewe haupo

Dada yangu mpendwa,

Nimeyasoma asubuhi hii maneno uliyoyaandika hapa, pamoja na picha ya mama yako, kukumbuka miaka minne tangu atutoke, na nikayarudia tena mchana. Wengi wamekwisha kumwombea Mama rehema, nami naitikia amina kwa kila dua iliyoandikwa hapa. Lakini umeandika sentensi moja ambayo sikuweza kuipita: kwamba mwaka huu wa nne umegundua kuwa sauti yake inaanza kukuponyoka, na kwamba unaogopa utabaki na picha tu. Kwa sababu hiyo ninakuletea Mama wa zile saa ambazo wewe hukuwapo chumbani. Huyo huwezi kuwa umemsahau, kwa kuwa hukumjua, na ninaona ni haki yako kumpata.

Unakumbuka kwamba katika mwaka wetu wa mwisho wa shule wewe ulikuwa ukibakia kwa masomo ya ziada, nami nikitangulia kwenu kukusubiri. Wewe ulinikuta kila mara nimekaa kwenye kigoda karibu na cherehani, ukadhani tulikuwa tukipiga soga. Mama hakuwa mtu wa kumwacha mgeni akae bure. Alikuwa akinipa nguo za kufumua, zile ambazo wateja walizileta zipanuliwe au zigeuzwe, na alinifundisha kukata uzi upande mmoja tu, kila baada ya mishono mitatu au minne, kisha kuuvuta uzi wa upande wa pili utoke mzima bila kukijeruhi kitambaa. Nikivuta kwa nguvu alikuwa akiuweka mkono wake juu ya wangu, kimya, mpaka nitulie. Na hapo, macho yakiwa kwenye sindano, alikuwa akizungumza, na mara nyingi aliyezungumziwa ulikuwa wewe.

Alisema wewe ndiye mtoto wake pekee aliyembishia tangu alipojifunza kusema. Alilisema hilo kama mtu anayetaja mali. Siku ile mliyogombana juu ya mchepuo utakaouchagua, mpaka ukaondoka bila kuaga, mimi niliingia nyuma yako na kumkuta anapiga bandi mkono wa blauzi. Nilitarajia anilalamikie. Aliniambia, “Afadhali abishane na mimi hapa nyumbani. Akizoea kuniogopa mimi, atamwogopa kila mtu huko nje.” Baada ya hapo akaniuliza kama ulikuwa umekula chochote kabla ya kutoka. Najua kwamba ugomvi ule umekusumbua miaka mingi, kwa sababu umeutaja kwangu zaidi ya mara moja. Basi tambua kwamba yeye alikwisha kuumaliza jioni ileile, kabla hajaumaliza ule mkono wa blauzi.

Kuna jambo la kazi yake ambalo nadhani wewe, kwa kulizoea, hukulitazama sana. Sare za watoto alikuwa akizishona na pindo pana la ndani, karibu upana wa kiganja, na kwenye mishono ya ubavuni aliacha kitambaa cha kutosha ili nguo iweze kupanuliwa mtoto atakapokua. Wazazi wengine walinung’unika kwamba anamaliza kitambaa chao. Hakubishana nao. Mwaka uliofuata walirudi, naye akaishusha sare ileile, akaipiga pasi mpaka alama ya kunjo la zamani ikafifia, na mtoto akaivaa tena. Vipimo vyote aliviandika katika lile daftari lake lenye jalada la kitambaa, kila mtoto na ukurasa wake, na tarehe pembeni. Siku moja alipima kiuno cha mtoto wa jirani, akafungua daftari, akapima tena. Mtoto alikuwa amerefuka lakini kiuno kilikuwa kimepungua. Hakusema neno mbele ya mtoto. Alimtuma nje kwa kisingizio cha kuniletea chaki, akamwambia mama yake kwa sauti ya chini ampeleke hospitali, na zile fedha za ushonaji akazirudisha mkononi mwa yule mama kana kwamba ni chenji. Mimi nililiona hilo kwa macho yangu. Sidhani kama alimsimulia mtu, na wala hakunionya nisiseme, kwa hiyo nalisema leo kwa ajili yako na kwa ajili ya wajukuu watakaoyasoma haya.

Upande wangu mimi, ananidai shukrani ambazo nilimpa angali hai na ambazo bado hazijaisha. Nilipoitwa kwenye usaili wangu wa kwanza wa kazi sikuwa na nguo ya heshima. Wewe ulikuwa chuoni, mbali. Nilikwenda kumwomba aniazime tu sketi. Alitoa ile suti yake ya kijivu, ambayo unajua aliipenda kiasi gani, akanivika, akaifumua mabegani, akaipunguza kiunoni, na tulikesha. Kila alipokuja kunipima alinigonga mgongoni kwa kastabini na kusema, “Simama wima, mwanangu, siwezi kumpimia mtu aliyejikunja.” Asubuhi aliniagiza nisiirudishe. Kazi niliipata, na suti bado ninayo kabatini. Siku yoyote utakayotaka kuishika, au kuichukua kabisa, ni yako kabla ya kuwa yangu.

Sasa niseme juu ya lile ulilolitaja mwishoni, la zile dakika ulizotoka kwenda kupokea simu, naye akakata roho ukiwa nje. Sitakuambia usijilaumu, maana neno hilo umeambiwa na kila mtu na halijakusaidia. Nitakuambia nilichokisikia. Wiki moja kabla ya siku ile nilikaa naye mchana, wewe ukiwa umesinzia kwenye kiti, kichwa kimeegemea ukuta. Alikutazama kwa muda mrefu, kisha akaninong’oneza: “Huyu halali. Anadhani sioni. Mimi nikifumba macho anakuja kusikiliza kama napumua.” Akaniomba nikusihi uwe unatoka nje japo kidogo, upigwe na hewa. Ndiyo maana nilikuwa nikikusumbua kila jioni kwamba tutembee. Lile lilikuwa ombi lake, nami nililipeleka kwako kama langu kwa sababu alitaka iwe hivyo. Wauguzi wanaohudumia wagonjwa walio karibu na mauti husema mara nyingi kwamba wamewaona watu wengi wakikata roho katika kile kitambo kifupi ambacho aliyewauguza usiku na mchana ametoka nje, na wapo wanaoamini kwamba si bahati mbaya. Mimi siwezi kuingia katika siri ya saa ile. Ninachokijua ni kwamba mama yako alitaka utoke, kwamba alikuwa ameona miezi yote uliyokesha, na kwamba hakuna hata mara moja aliyonilalamikia kuwa hupo.

Umeandika pia kwamba unaona aibu kulia baada ya miaka minne. Mimi sioni aibu yoyote hapo, na wanaokuhimiza usahau sijui wanataka usahau nini hasa. Tangu mwanzoni mwa mwezi huu niliona kwamba unachelewa kulala na kwamba unajibu ujumbe kwa neno moja, nikajua mwili wako umekwisha kuikaribia tarehe kabla hujaitazama kalenda. Watu wengi waliofiwa na wazazi husimulia hivyohivyo, na wengi huongeza kwamba mwaka wa kwanza walipita kama waliobebwa, kwa kuwa watu walikuwa wengi na shughuli zilikuwa nyingi, lakini uzito wenyewe uliwafikia baadaye, wageni walipokwisha kuondoka na simu zilipopungua. Kwa hiyo ukilia leo, lia, na ukijikuta jioni unacheka kwa jambo alilolisema, usijizuie pia, kwani yeye mwenyewe alikuwa na kicheko kilichosikika mpaka barabarani.

Na kuhusu kicheko: picha uliyoiweka niliipiga mimi, na najua anachokicheka, ingawa wewe hukioni kwa sababu umeipunguza pembeni ili abaki peke yake. Kulikuwa na mgeni aliyevaa koti ambalo mkono mmoja ulikuwa umeshonwa ukiwa umepinda. Mama hakuweza kuondoa macho. Wewe ulimwambia sikioni, “Mama, tafadhali, leo usimfumue mtu,” akaangua kile kicheko, nami nikabonyeza. Picha nzima ninayo, na wewe umo, umemshika kiwiko, mdomo wako ukiwa bado karibu na sikio lake. Nitakuletea.

Kisha sauti. Ninayo. Aliwahi kunitumia ujumbe wa sauti kuhusu mapazia aliyokuwa akinishonea, na nilipobadilisha simu niliuhamisha kwa makusudi na kuuhifadhi mahali pawili. Ni ujumbe wa kawaida kabisa. Mwanzoni cherehani inanguruma, halafu inasimama, anakohoa kidogo, ananiamuru nipime dirisha upya kwa sababu vipimo nilivyompa “haviwezi kuwa vya dirisha la nyumba ya watu,” na kabla hajamaliza anamwita mtu aliye mbali amletee mkasi. Mtu huyo ni wewe. Anakuita kwa lile jina la utotoni ambalo sitaliandika hapa mbele ya watu, nawe unaitika. Nimekutumia faragha sasa hivi. Si lazima uufungue leo, wala si lazima uniambie umeufungua lini. Upo, na hautapotea.

Nisalimie Baba, na umwulize lile daftari la vipimo liko wapi, kwa sababu mara ya mwisho nililiona kwenye droo ya cherehani na nisingependa lihamishwe pamoja na vitambaa. Lile sanduku uliloandika kwamba hujathubutu kulifungua, nitakuja Jumamosi mchana tulifungue pamoja, ama tulitazame tu na kulirudisha mahali pake kama bado ni mapema. Nitapiga simu Ijumaa jioni, na ukibadili nia utaniambia, tutapanga siku nyingine.