Hotuba kwa mkutano wa kijiji, Busia, baada ya moto wa nyumba za kupanga

Mheshimiwa mwenyekiti wa LC1, wajumbe wa kamati, wazee wetu, mama zetu, vijana, na zaidi ninyi wa familia sita mliounguliwa usiku wa Alhamisi: poleni sana. Tunamshukuru Mungu hakuna roho iliyopotea. Lakini magodoro, sare za watoto, vitambulisho, mtaji wa biashara, vyote vimekuwa majivu kwa muda usiofika nusu saa.

Polisi wa zimamoto hawajatoa ripoti yao, kwa hiyo leo simnyoshei mtu kidole. Mimi kama fundi wa umeme nitaeleza tulichokikuta mimi na wenzangu juu ya dari pale ambapo moto haukumaliza kila kitu, kwa sababu hali hiyo hiyo iko kwenye dari nyingi za kijiji hiki.

Naomba kipande hiki cha waya kizunguke, kila mtu akishike. Ni waya wa shaba wa 1.5 mm². Umeungwa kwa kusokotwa kwa mkono, kisha ukafungwa tepu. Tazameni ile sehemu nyeusi: tepu imeyeyuka ikagandamana na shaba, na shaba yenyewe imepoteza rangi. Sasa tazameni mpira wake sentimita kumi kutoka hapo. Ni mzima kabisa. Maana yake joto halikutokana na waya mzima, lilitoka kwenye ule muungo.

Muungo uliolegea una ukinzani. Tuseme ni nusu omu tu, na umeme unaopita ni ampea 20. Ampea 20 mara 20 mara nusu ni wati 200. Hilo ni joto la balbu mbili za zamani za wati 100, limekaa sehemu ndogo kuliko kidole, limezungukwa na mbao kavu, vumbi na utando wa buibui. Mpira wa kawaida wa nyaya zetu umetengenezwa kuvumilia nyuzi joto 70. Ukipita hapo siku baada ya siku unakauka, unapasuka, na cheche inapata njia.

Na breka haitakusaidia hapo. Watu wengi wanasema, "Mimi nina breka, moto hauwezi kunikuta." Breka inaangalia wingi wa umeme unaopita. Muungo mbovu hauongezi umeme, unaongeza joto, na breka hailioni. Dawa ya muungo mbovu ni muungo mzuri: ndani ya boksi, kwa konekta ya skrubu iliyokazwa vizuri, mahali fundi anapoweza kufikia na kukagua. Tepu peke yake si muungo.

Jambo la pili ni uzito wa mzigo, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndiko tatizo letu kubwa liliko. Vyumba vingi vya kupanga vilifungwa nyaya wakati mpangaji alikuwa na balbu moja na redio. Waya mmoja wa 1.5 mm² unatoka chumba cha kwanza, unarukia cha pili, cha tatu, mpaka cha sita. Siku hizi tunahimizwa kupika kwa umeme, na bei ya nafuu ya kupikia imewekwa. Ni jambo jema, mkaa umepanda na misitu inakwisha. Lakini waya uliowekwa kwa ajili ya balbu haukui kwa sababu bei imeshuka.

Pigeni hesabu pamoja nami. Birika la umeme, wati 2000. Jiko la sahani moja, wati 1500. Pasi kwa jirani, wati 1200. Jumla ni wati 4700. Gawanya kwa volti 240, unapata karibu ampea 20. Waya wa 1.5 mm² uliopita ndani ya paipu au dari yenye joto unabeba salama ampea 14 hadi 16 hivi. Hapo ni vyumba viwili tu vinapika, na wa vingine vinne hawajarudi kutoka kazini.

Kisha kinakuja kile kinachotuumiza zaidi. Breka ya ampea 10 inakata kila jioni. Wapangaji wanalalamika. Anaitwa kijana, anang'oa ya 10 na kuweka ya 32. Umeme haukati tena, kila mtu anafurahi, kijana analipwa. Ndugu zangu, breka ipo kwa ajili ya kulinda waya, haipo kwa ajili ya kulinda birika. Ikikata inakuambia waya umezidiwa. Ukiweka kubwa, waya wenyewe ndio unageuka fyuzi, na fyuzi hiyo iko juu ya kitanda cha mtoto. Kwenye nyumba iliyoungua tulikuta ya 32 kwenye waya wa 1.5.

Vipimo vinavyokubaliana ni hivi. Taa: waya wa 1.5 mm² na breka ya ampea 6 au 10. Soketi: waya wa 2.5 mm² na breka ya 20. Jiko kubwa la umeme: waya wa 6 mm² na breka ya 32, peke yake, bila kitu kingine kuungwa hapo. Kwa safu ya vyumba sita, kila chumba kiwe na waya wake wa soketi kutoka kwenye bodi na breka yake, ili mmoja akizidisha akatike yeye, wengine waendelee. Waya mkuu kutoka mita usipungue 10 mm², na fundi akokotoe mzigo wote kabla ya kununua chochote.

Juu ya hayo, bodi iwe na breka ya kuvuja, ile ya miliampea 30 yenye kitufe kilichoandikwa T. Hiyo inakata mtu akiguswa na umeme au umeme ukivuja kwenda ardhini. Kibonyezeni kitufe hicho kila baada ya miezi mitatu. Breka isipokata, imekufa, ibadilishwe. Nayo ethi iwe ya kweli: fimbo ya shaba ya angalau mita 1.2 iliyozama ardhini na kushikwa kwa klampu. Tumekuta nyumba ambazo waya wa ethi unatoka ukutani vizuri, ukifuata unaishia kwenye msumari.

Kuhusu kununua. Madukani kuna waya wa aluminiamu uliopakwa shaba juu juu. Unauzwa rahisi na unaonekana sawa. Kwangua kwa wembe: ukiona weupe ndani, rudisha. Waya halisi wa 2.5 mm² wa uzi mmoja una unene wa milimita 1.78, na wa 1.5 una milimita 1.38. Fundi makini ana kipimo mfukoni, mwombe apime mbele yako. Angalieni pia alama ya ubora ya shirika la viwango, UNBS.

Sasa, fundi ni nani? Kila mtu hapa anamjua kamyufu. Anapanda nguzo usiku, anakuunganishia bila mita, au anakurukisha mita. Umeme wa namna hiyo mara nyingi unaingia ndani bila breka yoyote. Ukilipuka hakuna kinachokata mpaka huko kwenye transfoma. Na sheria ya umeme iliyorekebishwa mwaka 2022 imeongeza sana adhabu kwa wizi na uharibifu wa umeme, kwa anayeunganisha na anayeunganishiwa.

Fundi wa halali ana kibali kutoka Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme, ERA. Kibali kina namba, jina, daraja na tarehe ya kuisha. Mwambie, "Naomba kuona kibali chako," kabla hamjaongea bei. Linganisha jina na kitambulisho chake. Soma tarehe. Uliza daraja lake linaruhusu kazi gani, maana si kila daraja linaruhusu kila kazi. Akikasirika kwa kuulizwa, tafuta mwingine. Akimaliza, akupe cheti cha kukamilisha kazi chenye sahihi na namba yake. Kabla ya hapo apime ukinzani wa mpira wa nyaya kwa mashine ya volti 500: usomaji usishuke chini ya megaomu 1. Simama pale uone namba. Kama hana mashine hiyo, hajapima, amewasha taa tu.

Wengine mmeniuliza kama UEDCL, iliyochukua mtandao wa kusambaza umeme kutoka kwa kampuni iitwayo Umeme tarehe 1 Aprili 2025, itakuja kurekebisha nyaya za ndani. Hapana. Kampuni inashughulika na umeme mpaka kwenye mita. Kuanzia mita kuingia ndani ni jukumu la mwenye nyumba. Wenye nyumba, nasema hili kwa heshima: mnapokea kodi kila mwezi, na waya ni sehemu ya nyumba kama bati lilivyo. Mpangaji hawezi kupasua dari yako.

Lakini wapangaji nao wana yao. Ekstensheni moja isichomekwe ndani ya nyingine. Koili ya kuchemshia maji isiachwe kwenye ndoo ya plastiki huku umeenda dukani. Plagi ikiwa ya moto ukiishika, soketi ikibadilika rangi ya kahawia, taa zikififia jirani akiwasha birika, au ukinusa harufu kama ya samaki au ya plastiki inayoungua, hiyo ni dalili ya muungo unaokufa. Zima, mwambie mwenye nyumba siku hiyo hiyo. Tena kuna hili la Yaka, mita ya kulipia kabla: uniti zinaisha ukiwa unapiga pasi, unaiacha juu ya nguo, unalala. Saa nane usiku jirani mnayeshiriki mita anaingiza zile namba 20, umeme unarudi, pasi inaanza kazi. Umeme ukikatika, chomoa kwanza, halafu utafute tochi.

Moto ukianza: toeni watu, wa kwanza wawe watoto. Kama meni swichi inafikika bila kupita kwenye moshi, zima. Msimwage maji kwenye kitu chenye umeme. Mchanga mkavu au kizimamoto cha unga. Pigeni 999 au 112 mapema, mkitaja kijiji na njia ambayo gari linaweza kupita. Usiku wa Alhamisi dakika nyingi zilipotea kuondoa mbao zilizopangwa njiani, na njia hiyo bado imezibwa mpaka leo asubuhi. Mwenyekiti, naomba wenye mbao waziondoe kabla ya jua kuzama.

Jumamosi saa tatu asubuhi mimi na wenzangu wawili wenye vibali tutapita nyumba kwa nyumba tukianzia safu za jirani na palipoungua. Kuangalia bodi na kupima ni bure. Tutaandika kilicho kibaya, nakala moja kwa mwenye nyumba, moja kwa mpangaji, moja kwa katibu wa LC1. Matengenezo mtampa fundi yeyote mnayemtaka, mradi awe na kibali. Vyumba vyenye breka ya 32 kwenye waya mwembamba visingoje Jumamosi: leo msiwashe jiko wala birika humo, tumieni taa na simu tu. Daftari la kujiandikisha liko mezani kwa katibu. Wenye maswali tuanze.